Kahawa Iliyonyimwa Pumzi

Wateja wa mkahawa ule walimwita Fundi, naye alikuwa ameizoea heshima hiyo kiasi kwamba hata mume wake akimwita hivyo nyumbani kwa utani, aliitika bila kucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono, na nyuma ya kaunta alisimama amenyooka kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wahudumu wapya wakiajiriwa, yeye ndiye aliyewafundisha kuchuja kahawa: namna ya kuweka karatasi ya kuchujia ndani ya koni, kile kichujio chenye umbo la faneli, na kuisuuza kwa maji ya moto, namna ya kusaga, namna ya kushika birika la mdomo mwembamba ili maji yatoke kama uzi. Mwenye mkahawa alikuwa akisema kwamba siku Fundi akiugua, bora afunge milango.

Nyumbani aliishi na mume wake, mama mkwe, na wifi yake, dada mdogo wa mume. Wifi alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji mpaka kiwanda kikafungwa, akarudi kwa mama yake na sanduku moja na ukimya mwingi. Akakaa hivyo kwa muda, akifagia palipokwisha kufagiliwa. Kisha siku moja akaleta pipa dogo la chuma alilotengenezewa na mchomeleaji, lenye mkono wa kuzungushia, akaliweka juu ya jiko la gesi katika stoo ya nyuma, akaanza kukaanga kahawa.

Mwanzoni aliunguza. Nyumba nzima ilinuka moshi na mama mkwe akafungua madirisha. Lakini Wifi alikuwa king'ang'anizi. Alijifunza kuzisikiliza buni zinapopasuka ndani ya pipa, akajua wakati wa kuzimwaga kwenye chekeche na kuzipepea zipoe. Majirani wakaanza kubisha hodi wakiulizia. Mezani, jioni, mazungumzo yalikuwa ya kahawa ya Wifi: imetoka vizuri, fulani ameisifu, fulani anataka nyingine. Fundi alikula huku akitabasamu. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kinachomkwaruza, na hakukipa jina. Miaka yote, katika nyumba ile, mtu wa kahawa alikuwa yeye.

Mume wake ndiye aliyetoa wazo. Mwenye mkahawa alikuwa akilalamika kwamba kahawa anayoletewa na msambazaji imechoka, haina harufu. Kwa nini asionje ya nyumbani? Mwenye mkahawa akaonja, akaipenda, akafanya zaidi ya alivyoombwa: alikuwa akifahamiana na mama mmoja mnunuzi wa hoteli kubwa ya mjini, akamwalika aje aonje naye.

"Ikimpendeza yule," alimwambia Wifi, "hutakuwa tena mtu wa kukaanga nyuma ya nyumba. Utatafuta karakana."

Wifi alikaanga kahawa ya siku hiyo kwa uangalifu ambao Fundi hakuwahi kumwona nao mtu yeyote. Aliichambua mbegu moja moja. Akaiacha ipumzike siku mbili, kisha akaifunga kwenye mfuko na kuja nayo mkahawani asubuhi, amevaa gauni la kitenge lililonyooshwa vizuri, akaketi meza ya pembeni na mikono yake mapajani.

Mama wa hoteli alikuja na msaidizi wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mwenye mkahawa akawaketisha karibu na kaunta ili wamwone Fundi akifanya kazi, na wateja wawili watatu wa kila siku wakasogeza viti nao washuhudie.

Fundi alipenda kutazamwa. Akasaga kahawa, harufu ikajaa chumba, Mama wa hoteli akainua kichwa. Fundi akamwaga unga kwenye koni, akashika birika, na huku akimweleza mgeni habari za joto la maji na unene wa kusaga, akamimina. Alimimina kama alivyomimina kila asubuhi kwa miaka: mfululizo, mpaka koni ikajaa karibu na ukingo. Unga ukafura ghafla, ukainuka juu ya maji kama povu la sabuni, nusura umwagike. Akasita, akangoja ushuke kidogo, akajaza tena. Maji yalipita haraka kuliko kawaida, yakiteleza pembeni mwa karatasi. Kahawa iliyokusanyika ndani ya jagi ilikuwa na rangi nyepesi, kama chai ya mgonjwa.

Mama wa hoteli akavaa miwani, akanusa, akanywa. Akanywa tena kidogo. Akaweka kikombe chini polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyosema kila kitu.

"Ina ukali," alisema. "Na imepita tu mdomoni. Harufu niliyoisikia siipati ndani ya kikombe."

Fundi akaonja. Kweli, ilikuwa chachu kama ndimu mbichi, na nyepesi. Macho ya watu yakawa juu yake, na hakuyazoea hivyo; aliyazoea yakimsifu. Jibu likamtoka kabla hajalipima.

"Haijaiva," akasema. Akamgeukia Wifi kule pembeni. "Wifi, umeitoa motoni mapema. Kahawa iliyo mbichi ndani huwa hivi hivi. Mimi siwezi kuchuja kitu ambacho hakikukaangwa."

Mteja mmoja akacheka puani. Wifi akaitazama ile koni, kisha akamtazama Fundi, akasema kwa sauti ya chini, "Basi nitakuwa nimekosea. Samahani, mama. Samahani, bosi." Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Mfuko wa kahawa aliuacha mezani.

Wakati wa kuosha vyombo, Fundi aligonga koni ili kutoa makapi. Yalipoanguka yakapasuka, na katikati yake akaona mabonge ya unga mkavu kabisa, wenye rangi ya vumbi, kama haujawahi kuguswa na maji. Aliona. Akayafunika na magazeti ndani ya pipa la taka, akaendelea kuosha.

Siku zilizofuata Wifi hakulalamika. Alimsalimu Fundi asubuhi kama kawaida, akampisha bafuni, akamwekea chakula. Ila mezani hakuna aliyezungumzia kahawa tena. Mama mkwe aliuliza mara moja tu, "Yule mgeni alisemaje hasa?" na Wifi akajibu, "Alisema kweli, mama. Bado sijajua kukaanga." Fundi akachukua sahani yake akaenda nayo jikoni, ingawa hakuwa amemaliza.

Mfuko ule ulibaki kwenye rafu ya mkahawa. Jumanne, mvua ilipowafukuza wateja, Fundi akasema afadhali aumalize mwenyewe kuliko kuutupa. Akasaga, akaweka unga kwenye koni. Alikuwa amemimina maji kidogo tu, ya kuulowesha, mwenye mkahawa alipomwita aje amshikie ngazi. Maji ya mvua yalikuwa yanavuja penye taa ya nyuma. Akaweka birika chini, akaenda.

Aliporudi alisimama.

Unga ulikuwa umeumuka. Ulikuwa umevimba na kujikunja juu kama unga wa maandazi uliowekwa jirani na jiko, na juu yake vitundu vidogo vilikuwa vikipasuka kimoja kimoja, vikitoa pumzi yenye harufu tamu. Akautazama mpaka ukatulia na kuanza kubonyea katikati. Hapo mkono wake ukashika birika wenyewe. Akamimina kidogo, kuanzia katikati, kwa miduara midogo inayopanuka, bila maji kugusa karatasi. Akaacha yashuke. Akamimina tena, kidogo. Akaacha yashuke. Mara ya tatu, mpaka mizani iliyokuwa chini ya jagi ikamwambia inatosha. Kahawa ilidondoka taratibu, nyekundu ya kuiva, na makapi yalibaki yamelala sawasawa kama tope la mto.

Akanywa akiwa amesimama. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na kitu kama zabibu kavu, na mwisho wake ulikaa kooni muda mrefu. Kahawa ilikuwa imeiva. Tangu mwanzo ilikuwa imeiva.

Alitaka kutokuamini, kwa hiyo akajaribu tena. Akachukua kahawa ile ile, kiasi kile kile, maji yale yale, akamimina yote kwa mkupuo kama siku ile. Ikatoka ile chachu, nyepesi, ya aibu. Akaviweka vikombe viwili mbele yake kwenye kaunta tupu, akaketi.

Kilichomuuma hakikuwa kutojua. Alijua. Kahawa iliyokaangwa karibuni imejaa hewa ndani yake. Maji ya moto yakiigusa, hewa hiyo hutoka kwa nguvu na kuyasukuma maji nyuma. Ukiifurikisha hapo hapo, maji hayapati njia ya kuingia. Hukimbilia pembeni, yakibeba ule ukali unaotoka kwanza na kuacha utamu ndani ya mabonge makavu. Ndiyo maana unaanza na maji kidogo, mara mbili ya uzito wa kahawa au kuzidi kidogo tu, ya kulowesha kila chembe, kisha unangoja, nusu dakika au zaidi ikiwa kahawa ni mpya sana. Unaiacha ipumue. Alifundishwa hivyo alipokuwa msichana, na yeye mwenyewe aliwafundisha wengine. Lakini kahawa ya msambazaji ilikuwa imekaa ghalani miezi na miezi. Hewa yote ilishaiponyoka. Ukiimwagia maji ililala tu kama mchanga uliolowa. Na asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, nani angesubiri mchanga? Akaacha kungoja. Akaacha kumimina kwa awamu. Kisha hata wanafunzi wake akawa hawaambii tena. Na hakuna mteja aliyewahi kulalamika, kwa sababu kahawa ile haikuwa na kitu cha kupoteza.

Alimwaga vikombe vyote viwili kwenye sinki, akaviosha.

Jioni ile alikwenda nyumbani akiwa ameyapanga maneno. Alipoingia, Wifi alikuwa anakunja nguo sebuleni, akasema, "Pole na mvua, wifi." Fundi akasema, "Asante," akapita. Akajiambia atasema kesho, mume wake akiwa hayupo. Kesho yake mume hakuwepo, na yeye akajiambia ni vibaya kumsumbua mtu anayeumwa kichwa. Alhamisi alisikia lile pipa likizungushwa stoo. Akasimama ukumbini. Likazungushwa, likazungushwa, kupita wakati wa buni kupasuka mara ya kwanza, kupita wakati wowote wa maana. Moshi ukaanza kupita chini ya mlango.

Akausukuma mlango. Wifi alikuwa amejifunga khanga puani, macho yanamtoka machozi ya moshi. Kwenye chekeche kulikuwa na kahawa nyeusi ti, inayong'aa mafuta.

"Safari hii hawatasema mbichi," Wifi alisema, akijaribu kucheka.

Fundi aliitazama ile kahawa iliyokwisha kuwa mkaa. Hapo ndipo pa kusema. Pumzi ilikuwa imefika mdomoni. "Fungua dirisha," akasema. "Utajiua na moshi." Akatoka, akaenda chumbani, akajilaza na viatu vyake.

Ijumaa Wifi aliwaambia wote, wakati wa kula, kwamba amempata mtu wa kulichukua pipa. Mchomeleaji analitaka, atalikata atengenezee jiko la mkaa.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "si ulisema utaendelea kujaribu?"

"Nimejaribu, mama. Nikikaanga inakuwa mbichi, na nikiivisha inaungua. Kuna watu hawakupewa mkono wa kitu. Wifi yangu hapa aliliona hilo, na yeye ndiye anayejua."

Fundi aliweka kijiko chini. Shingo ilikuwa imemshika moto mpaka masikioni.

"Haikuwa mbichi," akasema.

Wakamtazama wote watatu.

"Kahawa yako haikuwa mbichi. Ilikuwa nzuri. Niliiharibu mimi. Nilimimina maji yote kwa mara moja, sikuiacha ipumue. Kahawa mpya haichujwi hivyo. Ni jambo nililokuwa nikiwafundisha watoto wa kazini, na mimi sikulifanya." Akamgeukia Wifi. "Nikakusingizia."

Mume wake akaacha kutafuna. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole. Wifi alisukuma sahani yake pembeni, na alipozungumza alikuwa mpole kuliko ambavyo Fundi angetaka.

"Umejua lini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. "Jumanne."

"Jumanne." Wifi akatikisa kichwa kama anayehesabu kichwani. "Basi jana ulipofungua mlango wa stoo, ulijua."

"Nilijua."

"Uliniona naunguza, ukaniambia nifungue dirisha."

Kukosea kumimina kungeweza kumpata mtu yeyote. Hili la jana lilikuwa la kwake peke yake.

"Mwite," mama mkwe alimwambia mwanawe, akimaanisha mchomeleaji. "Mwambie pipa halichukuliwi." Kisha kwa Fundi, bila kupandisha sauti: "Wewe mkwe wangu nimekupenda tangu ulipoingia hapa. Lakini mwenzio ulimvua nguo mbele za watu, ukaja kumvika huku chumbani. Haitoshi."

"Najua, mama."

"Kama unajua, kwa nini umekaa?"

Jumatatu walikwenda hotelini, Fundi na Wifi, wakiwa na kahawa mpya iliyokaangwa Jumamosi. Mama wa hoteli aliwapokea jikoni, kwa kuwa ofisini kwake kulikuwa na wageni. Wapishi walikuwa wanakata vitunguu, na wahudumu wanapitapita na sinia. Wote wakapunguza mwendo wasikie. Fundi alieleza alichokuja kufanya. Mama wa hoteli akavaa miwani yake, akamtazama yeye badala ya kahawa.

"Kwanza nitaichuja kama nilivyoichuja siku ile," Fundi alisema.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kuharibu kitu kwa makusudi mbele ya watu wanaotazama. Alifurikisha koni. Unga ukafura, maji yakapita pembeni. Akageuza makapi kwenye sahani na kuyapasua kwa kijiko, akawaonyesha mabonge makavu yaliyokuwa ndani. Mpishi mmoja akainama kuyachungulia. "Eh," akasema, "si yamekauka kabisa haya."

"Yamekauka. Hapa ndipo ladha ilipobaki."

Kisha akaanza upya. Akamimina maji kidogo, akaitikisa koni taratibu kwa mzunguko mmoja ili kila mahali palowe, akaweka birika chini. Unga ukaumuka. Jiko zima lilikuwa likitazama vile vitundu vikipasuka. Fundi aliona ni muda mrefu usio na mwisho. Vilipotulia, akamimina kwa awamu, akingoja maji yakaribie kushuka yote kila mara, mkono wake ukienda kwa miduara. Akamimina kwenye vikombe na kusogea nyuma.

Mama wa hoteli alionja cha kwanza, akakunja uso. Akaonja cha pili. Hakukiweka chini. Alikinywa mpaka nusu, kisha akamgeukia Wifi.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Nitaichukua. Tuanze na ya kifungua kinywa, tuone." Akamgeukia Fundi. "Mwenye mkahawa wako aliwahi kuniomba nikutumie wewe kuwafundisha wahudumu wangu. Nilikuwa nimekubali."

Fundi alingoja.

"Kwa sasa nitatafuta mtu mwingine. Si kwa sababu ulikosea kumimina. Unanielewa."

"Nakuelewa, mama," Fundi akasema, akaanza kukusanya vyombo vyake. Wahudumu waliokuwa wakitazama wakageuza nyuso, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko kama wangecheka.

Nje, barabarani, Wifi alitembea hatua chache mbele. Usoni hakuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu, au alikuwa akiificha kwa ajili ya mwenzake. Walipofika kwenye kivuko akasimama mpaka Fundi akamfikia.

"Kesho usinisaidie kubeba kahawa ya hoteli," alisema. "Nitakuja na kaka. Nipe muda kidogo."

"Sawa."

Wifi alipewa muda huo, na haukuwa mfupi. Kahawa iliyokwenda mkahawani aliileta mume, ikiwa imeandikwa siku ya kukaangwa kwa kalamu nene. Wahudumu wapya walipokuja kufundishwa, Fundi aliwasimulia habari ya siku ile yote, na pale pa mlango wa stoo hakuparuka, ingawa sauti yake ilishuka kila alipopafikia. Baadhi yao waliacha kumwita Fundi kwa namna ile ya zamani. Au labda yeye ndiye aliyekuwa akiisikia tofauti. Wateja wa haraka walinung'unika kwamba siku hizi foleni haisogei. Aliwaomba radhi na kuendelea kungoja.

Asubuhi moja Wifi aliingia mwenyewe, mkono umejaa masizi mpaka kiwikoni, akaketi kwenye kiti kirefu mbele ya kaunta.

"Nimekaanga juzi," alisema. "Nichujie ninywe. Nina haraka, lakini si sana."

Fundi akasaga, akalowesha unga, akaweka birika chini. Kahawa ikaanza kuvimba baina yao. Hakuinua macho mara moja. Alipoinua, Wifi alikuwa anaitazama ile koni, kidevu juu ya ngumi, akiisubiri.